Ombi la Saa Pungufu kabla ya Usaili: Mada kwa Semina ya Maofisa Ajira na Watafuta Kazi, Dar es Salaam

Ndugu Mwenyekiti, maana za istilahi nitazipita haraka kwa kuwa zimo kwenye makabrasha yenu. Kazi ya muda pungufu ni saa chache kwa malipo yanayolingana nazo. Kugawana nafasi ni watu wawili kushika kiti kimoja, kila mmoja na mkataba wake. Saa nyumbufu ni zile zile za wiki zilizopangwa upya. Nazungumzia sekta binafsi na mashirika yasiyo ya kiserikali, na maoni ni yangu, si msimamo wa ofisi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya majukumu ya familia, na katika jambo hilo mwombaji kazi analindwa sawa na mwajiriwa, hata mbele ya wakala wa ajira. Lakini kulindwa usibaguliwe si sawa na kuwa na haki ya kupewa siku tatu kwa wiki. Siku hizo ni za makubaliano, na makubaliano huanza na ujumbe.

Hapo ndipo tunapokwama miaka yote. Mwombaji anaitwa kwenye usaili, kisha anamwandikia wakala: "Samahani dada, nina mtoto mchanga na nakaa mbali, naomba mnifikirie kuhusu muda." Wakala si mwamuzi. Ujumbe huo ataupeleka kwa mkuu wa idara, ambaye hataona siku wala saa wala pesa, ataona matatizo tu. Jina linakatwa kimyakimya na hakuna barua inayotaja sababu. Nimeshalisema hili katika vikao vingi na bado jumbe zinakuja vilevile.

Tuchukue mfano wa mhasibu mwenye mtoto wa miezi saba, anayetoka Mbagala kwenda ofisi iliyoko Masaki. Tuseme tangazo lilitaja saa 40 kwa wiki na mshahara wa shilingi 1,500,000. Anataka siku tatu za saa nane, yaani saa 24, ambazo ni asilimia 60 na shilingi 900,000. Aandike hivi:

"Asante kwa mwaliko wa usaili wa Jumatano, nitafika. Naomba kujua kama mwajiri yuko tayari kuzungumzia saa 24 kwa wiki, Jumatatu hadi Jumatano, saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni pamoja na saa moja ya chakula, kwa asilimia 60 ya mshahara uliotangazwa. Kuanzia tarehe 1 hadi 7 ya kila mwezi nitakuja siku zote za kazi, na siku za ziada zilipwe kwa kiwango hichohicho. Kama nafasi ni ya muda wote tu, naomba nijulishwe kabla ya Jumatano."

Tarehe hizo hazikuokotwa. Kodi ya mishahara ya mwezi uliopita huwasilishwa ifikapo tarehe 7, na hicho ndicho kitu cha kwanza mkuu wa fedha atakachokiulizia. Mtoto hakutajwa, na hakuna kilichopungua. Muda wa kunyonyesha, hadi saa mbili kwa siku, ni haki ya mwajiriwa kisheria. Akiuchanganya na ombi hili ataonekana anaomba kama hisani kitu ambacho tayari ni chake.

Wakala naye hupenda kujibu kwa kupendekeza wiki iliyobanwa: siku nne za saa kumi, mshahara kamili. Sheria inaruhusu hadi saa 12 kwa siku, chakula kikiwamo, kwa makubaliano ya maandishi. Kwa mhasibu wetu hiyo ni kuwa ofisini kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, na foleni ya Mbagala bado inamsubiri. Akatae mapema.

Kugawana nafasi sitakuzungumzia sana. Asiye na mwenzake aliyekubali, na mpango wa kukabidhiana kazi, asikutaje kabla ya usaili.

Napendekeza, kwanza, ujumbe utumwe baada ya mwaliko na kabla ya usaili, si siku ya kupewa ofa. Pili, utaje saa, siku na malipo. Tatu, mawakala waupeleke kwa mwajiri kama ulivyo, bila kuufupisha kuwa "ana changamoto za familia". Nne, nalirudia makusudi: malipo yatajwe, kwani mwajiri asipoona hesabu hudhani anaombwa mshahara kamili kwa kazi nusu. Tano, matangazo yaseme wazi kama saa zinajadilika. Sita, jibu la "tutaliangalia ukishaanza" lihesabiwe kuwa hapana. Mwajiri anatakiwa kumpa mwajiriwa maelezo ya kazi kwa maandishi, saa za kazi zikiwamo. Kama pale pameandikwa 40, ni 40, hata kama kwenye simu mlikubaliana 24.