Je, Lugha Huifunga Fikra?

Nadharia ya uhusianifu wa kiisimu, ambayo hunasibishwa na Wamarekani Edward Sapir na Benjamin Lee Whorf, hushikilia kwamba lugha aizungumzayo mtu huathiri namna anavyoufikiri ulimwengu. Dai hilo lina sura mbili: ile kali, isemayo kwamba lugha huifunga fikra, na ile nyepesi, isemayo kwamba lugha huizoesha fikra kuzingatia mambo fulani kuliko mengine.

Kwa mfano, wasemaji wa Kiguugu Yimithirr, kaskazini mwa Queensland nchini Australia, hawaelezi mahali vitu vilipo kwa kulia na kushoto, bali husema kwamba kitu kimoja kiko mashariki mwa kingine, hata vyote vikiwa juu ya meza moja. Mwanaisimu Stephen Levinson na wenzake waliwaonyesha watu vitu vilivyopangwa mezani, kisha wakawageuza nyuzi 180 kuelekea meza nyingine na kuwataka wavipange kama mwanzo. Waholanzi walikiacha cha kushoto kubaki kushoto kwao, ilhali wasemaji wa Kiguugu Yimithirr walikiacha cha kaskazini kubaki kaskazini.

Hata hivyo, mwaka 2002 Peggy Li na Lila Gleitman walionyesha kwamba Wamarekani, ambao lugha yao haikubadilika, walibadili mpangilio pale palipokuwa na alama za kuonekana wazi, wakadai kwamba huenda mazingira ndiyo yanayozaa mazoea ya fikra na ya lugha kwa pamoja. Kundi la Levinson lilipinga. Kiswahili chenyewe kinaonyesha jinsi mazingira yanavyoweza kulitangulia neno, kwa kuwa kaskazini na kusini ni majina yaliyotokana na pepo za kaskazi na kusi.

Kuhusu rangi, ushahidi ulio bayana zaidi ni wa mwaka 2007. Kirusi hakina neno moja la buluu yote, bali huita buluu iliyokoza "sinii" na iliyopauka "goluboi". Jonathan Winawer na wenzake waliwaonyesha watu miraba mitatu ya buluu na kuwataka wabainishe ni upi kati ya miwili ya chini unaofanana na ule wa juu. Warusi walijibu haraka zaidi pale miraba ilipoangukia pande mbili za mpaka wa maneno hayo, lakini walipotakiwa kukariri kimoyomoyo mfululizo wa tarakimu huku wakitazama, wepesi huo ulitoweka. Wasemaji wa Kiingereza hawakuonyesha tofauti hiyo.

Kutoweka huko ndiko kunakotoa hukumu, kwani kama lugha ingekuwa imeyabadilisha macho yenyewe, tarakimu zisingeweza kuiondoa athari yake. Lugha, basi, huisaidia akili wakati inapoamua, na sura kali ya nadharia hii haina ushahidi wa kuisimamisha.