Sato wa Gramu 600 Ana Protini Kiasi Gani?
Mada kwa semina ya wahojaji wa tafiti za ulaji wa kaya



1. Kosa lenyewe

Mama mmoja anamwambia mhojaji kwamba jana alikula sato mzima, aliyepimwa sokoni gramu 600. Mhojaji anafungua jedwali la viinilishe, anakuta sato mbichi ana takriban gramu 20 za protini katika kila gramu 100, anazidisha, anaandika 120. Hesabu yake haina dosari, ila jibu si sahihi hata kidogo. Zile gramu 100 za jedwali ni za sehemu inayolika, yaani mnofu baada ya kuondoa miiba, magamba na matumbo. Gramu 600 za sokoni ni za samaki pamoja na vyote hivyo.

2. Tumfuate sato hadi sahanini

Tuchukue mfano. Sato wetu akiparwa magamba, akitolewa matumbo na matamvua, anabaki na gramu 500. Akiokwa bila mafuta, maji yanapungua na mizani inasoma 420. Mama akimaliza kula, tunakusanya kilichobaki sahanini: fuvu, uti wa mgongo, miiba na mapezi, jumla gramu 180. Kwa hiyo alichokula ni gramu 240.

Sasa tunarudi kwenye jedwali, lakini safari hii kwenye mstari wa samaki aliyeokwa, ambaye ana takriban gramu 26 za protini katika gramu 100, kwa kuwa maji yamepungua na protini imebaki. Mama alipata kama gramu 62, karibu nusu ya ile 120.

Njia hii ya kupima mabaki ina faida moja kubwa: inaheshimu mlaji. Yupo anayeacha kichwa kizima, na yupo anayekipasua na kunyonya hadi ubongo. Kizidishi cha kitabuni hakiwezi kuwatofautisha hawa wawili. Mabaki ya sahani yanaweza.

Pale ambapo mabaki hayapo, ndipo tutumie kizidishi cha sehemu inayolika. Baadhi ya majedwali, likiwemo la Kenya la 2018, yana safu yake. Hapa pana mtego: kizidishi hutumika mara moja tu, tena juu ya uzito wa hali ileile ambayo kilikusudiwa. Mhojaji aliyekwisha kutoa mabaki, kisha akazidisha tena kwa kizidishi, ametoa miiba mara mbili. Dalili yake ni mla samaki mzima anayeonekana kupata protini kama ya aliyeonja tu.

3. Ngozi ya kuku

Mfupa hupunguza hesabu waziwazi. Ngozi huvuruga kimyakimya. Chukua paja bichi la gramu 150: mfupa 30, ngozi 24, mnofu 96. Mnofu una takriban gramu 20 za protini kwa kila 100, ngozi ina kama 13, na sehemu kubwa ya kilichobaki katika ngozi ni mafuta na maji.

Aliyekula mnofu peke yake amepata kama gramu 19. Aliyekula na ngozi amepata 22. Ukiangalia kwa kila gramu 100, mnofu mtupu unaongoza, 20 dhidi ya 18 au zaidi kidogo; ukiangalia jumla, aliyekula ngozi ndiye aliyepata zaidi. Asiyetofautisha viwango hivi viwili atamwambia mgonjwa kwamba kuondoa ngozi kunaongeza protini. Hakuongezi, kunapunguza mafuta.

Hata zile gramu 3 za ngozi hazilingani ubora na za mnofu. Maabara hupima naitrojeni na kuzidisha kwa 6.25. Protini ya ngozi na mifupa kwa sehemu kubwa ni kolajeni, yenye naitrojeni nyingi zaidi, na kizidishi kinachoifaa ni takriban 5.55. Kwa hiyo 6.25 huikuza. Zaidi ya hayo, kolajeni haina triptofani, asidi amino ambayo mwili hauwezi kujitengenezea.

4. Dagaa

Dagaa huliwa na mifupa yake, kwa hiyo karibu wote ni sehemu inayolika, na mifupa hiyo ndiyo chanzo cha kalisi yake. Lakini kaya inayotoa vichwa kabla ya kupika ipimiwe dagaa baada ya kuvitoa.

5. Pendekezo

Naomba dodoso letu liongezewe maswali matatu baada ya kila nyama au samaki: Kilipimwa kibichi au kimepikwa? Kilikuwa na mfupa au miiba? Ngozi ililiwa? Bila majibu hayo, safu ya protini iachwe wazi, isijazwe kwa kubahatisha.