Wakurugenzi wako ng'ambo, wito upelekwe wapi?

Msikilizaji, tuseme una fremu Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Kampuni uliyoiuzia vitenge haijakulipa, nawe umefungua kesi. Mpeleka wito anafika kwenye anwani iliyoandikwa BRELA, ghorofa ya tatu, na kukuta stoo ya viatu. Wakurugenzi wote wawili wanaishi ng'ambo.

Je, sheria imevunjwa? Kwa kuishi nje, hapana. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inataka wakurugenzi wasiopungua wawili, lakini haiwalazimishi kuishi Tanzania. Inacholazimisha ni ofisi iliyosajiliwa, hapa nchini. Wito ukiachwa pale, au ukitumwa kwa posta, kampuni inahesabiwa imeupata. Ikihama kimyakimya, hilo ni kosa lake. Mahakama inaweza hata kuruhusu tangazo gazetini, kisha kesi ikasikilizwa upande mmoja.

Sasa ngoma iko hapa: kushinda siyo kulipwa. Wakati wa kukaza hukumu, utakamata nini kama mzigo umeshaondoka?

Wapo wanaosema tufuate Singapore, ambako angalau mkurugenzi mmoja lazima awe mkazi. Kwa upande wa pili, wawekezaji wataona ni kikwazo, na wajanja watamwandikisha kijana asiyejua hata akaunti iko benki gani. Mimi ningeanza na anwani: ikaguliwe kwa macho, siyo kwenye mtandao tu.

Lakini nani atapanda ngazi hizo za Kariakoo kuhakiki, na kwa gharama ya nani?