Shahidi ni Mizani: Maneno ya Kuwakaribisha Wakulima Watatu wa Myanga

(Haya ni maneno yaliyosemwa kwa niaba ya kamati yetu katika maonyesho ya kilimo, Kitale, kabla ya wakulima watatu kuanza kusema.)



Tumepewa kazi ya kuwakaribisha wakulima hawa watatu walioketi mbele yenu. Desturi ya kazi hii twaijua sote. Mkaribishaji husimama nusu saa, humsifu kila mgeni mpaka mgeni mwenyewe huona haya, na mwisho mkulima hubakiwa na dakika tano za kusema habari zenyewe. Leo hatutafanya hivyo. Tumekubaliana na hawa watatu kwamba kila mmoja atajibu maswali matano tu: Shamba ulilojaribia lina ukubwa gani? Ulifanya nini, na lini? Ulivuna kiasi gani kwa mizani? Kazi na gharama ilikuwa nini? Na ni kitu gani kilichokuharibikia?

Swali la tano ndilo tuliloligombania sana katika kamati. Wengine walisema ni aibu kumleta mtu mbele ya watu aeleze hasara yake. Lakini sisi twaona mkulima asiyekuwa na hasara ya kutueleza, ama hajalima, ama hajatuambia yote.

Sasa, kwa nini tumewatoa watu Myanga tukawaleta Kitale? Wengi wetu tunafanya kazi huku Trans Nzoia, lakini nyumbani kwetu ni upande wa Bumula, huko Myanga, njia ya kwenda Malaba. Mshahara tunaupokea huku, na sehemu yake huenda nyumbani kununua mbegu na mbolea. Tena kila mwaka yuko mwenzetu anayenunua mbegu ileile inayopandwa kwenye shamba anakofanya kazi, akaipeleka kwa mkewe. Huwaza hivi: Kitale ndipo mahindi chotara ya kwanza ya nchi yetu, H611, yalipotolewa mwaka 1964, basi mbegu ya Kitale haiwezi kushindwa.

Ndugu, mbegu haishindwi kwa jina. Kitale iko juu, karibu mita 1,900, nako ni baridi. Mahindi kama H614 yalitengenezwa kwa nchi ya namna hiyo, na hukaa shambani miezi mingi. Myanga iko chini na joto lake ni zaidi, na mbegu yake ni ile ya nchi ya kati. Kisha kule kuna adui ambaye huku juu hatumwoni. Ni gugu lenye maua ya rangi ya zambarau, striga, ambalo wengi wetu huliita kayongo, na ndugu wa Tanzania huliita kiduha. Gugu hili halinyang'anyi mahindi mbolea kama magugu mengine. Hushika mzizi wa mhindi chini ya ardhi na kuunyonya. Kwa hiyo ukiongeza mbolea peke yake, na kayongo naye anakula kwenye sahani ileile.

Tazameni mhindi huu uliowekwa mezani. Uling'olewa ukiwa bado hakuna gugu lolote lililoonekana juu. Majani yake yalikuwa yamenyauka kama ya wakati wa kiangazi, na huku udongo ulikuwa na maji. Hiyo ndiyo dalili. Chimbeni taratibu, msivute, ndipo mtakapoona vichipukizi vyeupe vimeshika mizizi. Kayongo akionekana juu, sehemu kubwa ya madhara amekwisha kuifanya.

Hawa watatu wote wamepigana na adui huyo mmoja kwa njia tatu mbalimbali. Ndiyo maana tumewaweka pamoja.

Mzee aliye upande wa kushoto atawaeleza juu ya kung'oa kwa mkono. Aling'oa misimu minne ya mvua za masika, na kila mwaka alihesabu mashina katika mstari mmoja uleule wa mita 25. Mwaka wa kwanza alipata 212, mwaka wa nne 64. Lakini atawaambia pia, bila kuficha, kwamba katika miaka miwili ya kwanza mavuno yake hayakuongezeka hata kidogo, na watoto wake walikaribia kuikataa kazi ile. Sababu ndiyo hiyo tuliyoieleza: ukimng'oa kayongo, mhindi wa mwaka huu umekwisha nyonywa. Unayeokoa ni mhindi wa miaka ijayo. Shina moja hutoa mbegu makumi ya maelfu, ndogo kama vumbi, nazo hukaa udongoni miaka mingi zikingoja. Kwa hiyo sharti ang'olewe kabla maua hayajafanya mbegu, kisha achomwe. Mwaka mmoja mzee aliyatupa kwenye lundo la samadi. Mwaka uliofuata aliirudisha kayongo shambani kwa toroli lake mwenyewe. Mwulizeni habari hiyo, atacheka, lakini atawajibu.

Mama wa katikati alitumia njia ya vuta-sukuma. Njia hii ilitengenezwa na wataalamu wa ICIPE kule Mbita pamoja na wenzao, nayo ilianza kujaribiwa kwenye mashamba ya wakulima wa Suba na wa huku huku Trans Nzoia mwisho wa miaka ya 1990. Kwanza ilikusudiwa funza wanaotoboa mabua. Katikati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, ambayo harufu yake hufukuza nondo wa funza hao, na pembeni hupandwa nepia, ambayo huwavuta. Ndipo ikaonekana kwamba palipo na desmodiamu kayongo hupungua. Mizizi yake huamsha mbegu za kayongo, lakini huzizuia kushika mzizi wa mhindi, nazo hufa kwa njaa.

Mama huyu alipima vipande viwili vilivyo jirani, kila kimoja mita 40 kwa 25. Mbegu ni moja, samadi ni moja, siku ya kupanda ni moja. Kimoja alikipanda mahindi peke yake, cha pili mahindi na desmodiamu, na nepia mistari mitatu kuzunguka. Alichanganya mbegu ya desmodiamu na udongo mkavu laini, sehemu moja kwa mbili, kwa sababu ni ndogo mno na mkono huimwaga yote mahali pamoja. Akapalilia mara mbili kabla ya juma la sita, kwa sababu desmodiamu ikiwa changa humezwa na magugu upesi.

Masika ya kwanza, kipande cha mahindi peke yake kilitoa kilo 90. Kile cha vuta-sukuma kilitoa kilo 82. Ndiyo, kilishindwa! Nepia ilikuwa imechukua nafasi, na desmodiamu ilikuwa haijapata nguvu. Majirani walimcheka. Tunataka mlisikie jambo hili, kwa kuwa wengi huacha hapo. Masika ya tatu, kipande cha kwanza kilitoa kilo 95, na cha pili kilo 240. Vipande vinne vya namna hiyo hufanya karibu ekari moja. Basi hesabuni: kwa ekari, kilo 380, yaani magunia manne na kidogo ya kilo 90, na upande wa pili kilo 960, yaani magunia kumi na zaidi ya nusu. Tena alipima kipande chote, pamoja na ardhi iliyokaliwa na nepia. Angepima mahali palipo mahindi tu, hesabu ingependeza zaidi, lakini ingekuwa ya uongo.

Hasara yake ni hii hapa mezani, shina la nepia lililodumaa. Baada ya kukatwa, nepia ya upande mmoja ilichipua mifupi, ya manjano, yenye vijani vingi visivyo na nguvu. Ni ugonjwa wa kudumaa, nao unajulikana sana Bungoma. Ukiuona usikate vipande vya kupandia wala kumpa jirani. Chimba shina zima uliharibu. Mama alipoteza upande mzima, na sasa hapo amepanda brakiaria.

Ndugu wa kulia ni mwenzetu kabisa, mfanyakazi wa mshahara, aonaye shamba lake siku za likizo. Hakuwa na mikono ya kung'oa wala nafasi ya kungoja misimu mitatu. Alinunua mbegu iliyopakwa dawa, ile iliyouzwa kwa jina la Ua Kayongo. Mhindi wake umezaliwa kuistahimili dawa hiyo. Kayongo akishika mzizi mapema, hufa. Msimu uleule alipata nafuu aliyoipima. Lakini alipomaliza kupanda mahindi alipanda maharagwe kwa mikono ileile, tena katika mashimo yaleyale. Maharagwe hayakuota. Dawa hiyo huua kisichokuwa mhindi wake. Panda maharagwe kwanza, yatenge na shimo la mhindi, kisha mahindi, kisha nawa mikono vizuri. Na mwaka wa pili, ili asitumie fedha, alipanda mbegu aliyoiweka kutoka mavuno yake. Haikuwa imepakwa dawa, na kayongo alirudi kama mwenye nyumba.

Sasa mtatuuliza: ipi iliyo bora? Sisi hatutawajibu. Aliye na ng'ombe na watu wa kupalilia nyumbani, na awezaye kungoja, atamsikiliza mama. Asiye na fedha ya mbegu wala ya desmodiamu atamsikiliza mzee. Aliye mbali na shamba lake atamsikiliza ndugu huyu, akijua kwamba gharama hiyo itamrudia kila mwaka. Na huenda wengine wataona kwamba kung'oa kwa mzee kunafaa kufuatana na njia zote mbili, maana kayongo wachache waliobaki ndio watakaoujaza udongo tena.

Twaomba jambo moja tu kwenu. Mtakapouliza maswali, msimwulize mtu, "Je, ni nzuri?" Mwulizeni, "Kilo ngapi, mahali pakubwa kiasi gani, mwaka wa ngapi?" Na nyumbani, kabla ya kubadili shamba lote, chukueni kamba ya mita kumi mpime vipande viwili jirani, mwache kimoja kama kilivyokuwa siku zote. Bila kile cha zamani hamtajua kama ni njia mpya iliyowapa mavuno, au ni mvua tu.

Mizani iko hapa mezani, na daftari zao ziko mikononi mwao. Sisi twaketi.

Mzee, karibu. Anza na mstari wako wa mita 25.