Kuongoza Tangu Kura ya Kwanza: Hesabu ya Njia na Kanuni ya Uakisi
Mhadhara wa umma uliotolewa Maua, Kaunti ya Meru



Wengi wenu mmewahi kukaa ndani ya darasa usiku wa uchaguzi, kama makarani au kama mawakala. Kwa hiyo hali hii mnaijua. Sanduku limefunguliwa, karatasi zimemwagwa mezani, na afisa msimamizi wa kituo anaokota moja moja. Anaikunjua, anaiinua ili kila wakala aione alama ilipo, anataja jina, kisha anaiweka kwenye fungu la mgombea huyo. Wakala makini ana daftari la mazoezi mapajani na anachora vijiti, vinne vimesimama na cha tano kimevikata. Ifikapo usiku wa manane mtu mmoja ameshinda. Nje, kwenye giza, hoja inayowaka ni nyingine kabisa: huyu mshindi wenu, mbona tulikuwa sawa naye wakati fulani? Mbona mtu wetu alikuwa mbele kidogo pale mwanzo?

Leo nataka tuipe hoja hiyo hesabu yake. Mgombea wa kwanza, tumwite A, amepata kura nyingi kuliko B. Karatasi zimechanganyika vizuri. Kuna uwezekano gani kwamba A aliongoza kuanzia karatasi ya kwanza hadi ya mwisho, bila hata mara moja kufungana na B?

Tuanze na kitu kidogo kinachoweza kuandikwa chote ubaoni. A ana kura 3, B ana kura 2. Mipangilio ya kusoma karatasi hizo ni 10 tu. Ukiipitia yote, utapata miwili ambamo A yuko mbele kila wakati: AAABB na AABAB. Mwingine wowote utakwama. ABAAB, kwa mfano, unakuwa sare baada ya kura ya pili tu. Mbili kati ya kumi ni moja ya tano, na moja ya tano ndiyo pia tofauti ya kura ukiigawa kwa jumla yake: 3 toa 2, gawa kwa 5. Kumbe jibu liko hivyo daima. A akipata kura p na B akipata q, uwezekano ni (p − q)/(p + q). Kuliona jibu ni rahisi, lakini sababu yake ndiyo iliyonileta hapa.

Chukua karatasi yenye miraba. Kila kura inayosomwa, songa hatua moja kulia. Ikiwa ni ya A, panda mraba mmoja, na ikiwa ni ya B, shuka mmoja. Unapata mstari wa kupanda na kushuka, na urefu wake juu ya mhimili ni tofauti kati ya A na B kwa wakati huo. Kufungana ni kugusa mhimili. Njia zote zinaanzia sifuri na zote zinaishia mahali pamoja, yaani juu ya mhimili kwa kimo cha p toa q, kwa kuwa matokeo ya mwisho tunayajua. Tunatafuta zile ambazo zikishaondoka sifuri hazigusi mhimili tena.

Ni vigumu kuzihesabu hizo moja kwa moja. Basi tuhesabu mbaya, yaani zile zinazougusa. Mbaya ziko za aina mbili. Aina ya kwanza zinaanza na kura ya B. Hizo zote ni mbaya bila kuuliza, maana zimeanza chini ya mhimili na zinamalizia juu, na kwa hatua za mraba mmoja mmoja haiwezekani kutoka chini kwenda juu bila kupita sifuri. Aina ya pili ni za kilaghai zaidi. Zinaanza na kura ya A, zinajifanya nzuri, halafu mahali fulani zinagusa mhimili.

Sasa shika njia moja ya aina ya pili. Weka kidole pale inapogusa mhimili kwa mara ya kwanza. Sehemu yote iliyo kabla ya kidole, igeuze kama iliyotazamwa kwenye kioo kilicholala juu ya mhimili: kila A iwe B na kila B iwe A. Sehemu ya baada ya kidole usiiguse. Umepata njia inayoanza na B. Je, bado ni ya uchaguzi uleule, yenye kura p za A na q za B? Ndiyo, kwa sababu kidole kimewekwa penye sare. Hadi hapo A na B walikuwa na kura sawa, na ukibadilishana vitu vilivyo sawa jumla haibadiliki. Na unaweza kurudi ulikotoka. Chukua njia yoyote inayoanza na B, tafuta inapogusa mhimili kwa mara ya kwanza, geuza, na utapata njia ya aina ya pili. Kila moja ina mwenzake mmoja tu, hakuna inayobaki bila mwenza.

Hii ndiyo kanuni ya uakisi. Inatuambia kwamba aina mbili za njia mbaya zina idadi sawa, jambo ambalo hakuna mtu angelikisia kwa kuangalia tu. Kilichobaki ni chepesi. Uwezekano wa kura ya kwanza kuwa ya B ni q/(p + q). Mbaya zote ni mara mbili ya hapo, 2q/(p + q). Toa kwenye moja, na (p − q)/(p + q) inajitokeza yenyewe.

Swali hili lilichapishwa na Mwingereza Whitworth mwaka 1878, kisha Mfaransa Bertrand akalitoa upya mwaka 1887, na mwaka huohuo Désiré André akatoa uthibitisho mfupi. Vitabu vingi humpa André sifa ya kioo. Lakini André alihesabu njia mbaya kwa ufundi tofauti, na kioo chenyewe kilikuja mwaka 1923 katika kazi za Aebly na Mirimanoff. Haidhuru hesabu, ila mwanafunzi asije akaapa mbele ya mtahini.

Turudi darasani. Kituo cha kupigia kura hapa Kenya hakizidi wapiga kura 700 walioandikishwa, kwa hiyo tuseme wamejitokeza 600, A kapata 420 na B 180. Huo ni ushindi wa asilimia 70. Wazee waliokuwapo mwaka 1988 watakumbuka kuwa kwenye mchujo wa mlolongo wa KANU, aliyevuka asilimia 70 alihesabiwa ameshapita, hakuhitaji tena kura ya siri. Mlolongo, nikiri, haukuwa na shida yetu ya leo: foleni zote zilionekana kwa mpigo, hapakuwa na karatasi ya kwanza wala ya mwisho.

Kwenye sanduku, ushindi huo mnono unampa A uwezekano gani wa kuongoza mwanzo mwisho? 240 gawa kwa 600. Asilimia 40. Maana yake, katika vyumba vingi vya namna hii, mara 6 kati ya 10 wakala wa B ataweza kusema kwa ukweli kwamba kuna wakati mtu wake alikuwa sawa na A au mbele yake. Na kioo kinatuambia jinsi hizo 60 zinavyogawanyika: 30 ni za B kupata karatasi ya kwanza kabisa, na 30 nyingine ni za A kutangulia kisha kufikiwa. Karibu zote hutokea katika karatasi chache za mwanzo, kabla vijiti kwenye daftari havijafika mstari wa pili.

Tukilegeza sharti, tuseme A aruhusiwe kufungana lakini asiachwe nyuma, jibu ni (p − q + 1)/(p + 1), hapa 241/421, kama asilimia 57.

Haya yote yamesimama juu ya neno moja nililolipitisha haraka: zimechanganyika. Sanduku lina matabaka. Waliofika alfajiri wako chini, waliofika saa kumi jioni wako juu, na kama watu wa asubuhi na wa jioni hawana mwelekeo mmoja, kumwaga karatasi bila kuzikoroga hakutoshi. Hilo linaweza kupimwa kwa daftari lilelile. Kati ya karatasi 300 za kwanza tunatarajia A awe na 210, na kwa mchanganyiko halali kupanda au kushuka kwa 5 au 6 ni jambo la kawaida. Kati ya 199 na 221 sina neno. Zikiwa 235, basi karatasi zilisomwa kwa matabaka, na hesabu ya (p − q)/(p + q) haihusu chumba hicho. Lakini matokeo ya mwisho hayajaguswa. Mpangilio mbaya wa kusoma hauongezi wala haupunguzi kura hata moja.

Ukitoka darasani ukaenda kwenye televisheni, mambo yanaharibika zaidi. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi iliweka Fomu 34A za vituo hadharani mtandaoni, na kila chombo cha habari kikazijumlisha kwa mpangilio wake. Fomu zilezile, lakini skrini zilionyesha viongozi tofauti kwa saa ileile. Mwishowe William Ruto alitangazwa mshindi kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Raila Odinga. Wagombea wengine wawili hawatusumbui, kwa sababu kura zao hazigusi tofauti kati ya hawa wawili: zipitie tu, mstari ubaki ulipo. Tofauti ni 233,211 katika jumla ya 14,119,071, hivyo kama karatasi zote zingekorogwa pamoja na kusomwa moja moja, uwezekano wa mshindi kuongoza mwanzo mwisho usingefika hata asilimia 2. Lakini kubadilishana uongozi kungekwisha mapema. Baada ya kura laki moja tu, mshindi angekuwa mbele kwa takriban 1,650, na kuyumba kwa kawaida kwa idadi hiyo ni kama kura 316. Kumpita tena baada ya hapo kungekuwa muujiza.

Kwenye televisheni walipitana huku mamilioni yakiwa yameshahesabiwa. Sababu ni kwamba kilichokuwa kinafika si karatasi, ni fomu, na fomu za eneo moja hufuatana kwa pamoja zikiegemea upande mmoja. Na hapo kioo chetu kinavunjika kabisa. Chukua mgombea aliye mbele kwa kura 200, kisha ije fomu moja inayompa mpinzani wake 450 zaidi ya zake. Sasa yuko nyuma kwa 250. Amevuka mhimili bila kuugusa. Hakuna mahali pa kuweka kidole, hakuna sare ya kukata njia, na ukigeuza sehemu ya mwanzo jumla za wagombea zitabadilika, yaani utakuwa umeandika uchaguzi mwingine. Anayetaka kujua kama kupitana huko kulikuwa kwa kawaida, kanuni ya uakisi haitamsaidia. Itambidi achukue fomu zenyewe, azikoroge mara elfu kadhaa kwa kompyuta, akizihamisha kaunti kwa kaunti kama zilivyofika, na ahesabu ni mara ngapi mstari umevuka.