Viungo Vinapokaza Hedhi Ikikaribia Kukoma

Mwanamke wa miaka 48 anaamka vidole vimekaza, magoti yanauma, na hedhi imeanza kuruka miezi. Akilalamika, huambiwa ni uzee tu. Huko ni kumwonea. Homoni ya estrojeni, ambayo hushuka hedhi ikikaribia kukoma, hufanya kazi hadi ndani ya viungo. Ushahidi mzito unatoka kwa wagonjwa wa saratani ya matiti: wengi wanaotumia anastrozoli, dawa inayoshusha estrojeni, hupata maumivu kama hayo. Lakini si kila maumivu ya umri huu yanatokana na homoni. Kiungo kikivimba na kuwa na moto, au kukakamaa kwa asubuhi kukizidi saa moja, huenda ni baridi yabisi. Apimwe mapema, kabla kiungo hakijaharibika.