Mguu Usiouma: Ukaguzi wa Kila Jioni kwa Mwenye Kisukari

(Muziki wa kipindi unasikika, kisha unashuka.)

Kipindi hiki ni chenu mlioko hapa Dzaleka na ninyi mnaotusikiliza mkiwa Lilongwe. Leo ninazungumza na wewe unayeishi na kisukari, ule ambao wengi wetu tunauita ugonjwa wa sukari. Ninazungumza pia na mtu mmoja wa nyumbani kwako, kwa maana kazi ya leo inahitaji macho yake.

Tuchukue mfano. Kuna mama anayeuza mboga sokoni, amekaa na sukari miaka minane. Ni mwezi wa Julai, na baridi ya Dowa unaijua. Jioni anavuta kigoda karibu na mbaula, ananyoosha miguu apate joto. Wewe moto ukizidi unarudisha mguu hata kabla hujafikiri. Yeye harudishi, kwa sababu nyayo zake hazimwambii kitu. Anakwenda kulala, asubuhi anavaa kandambili zake na kuelekea sokoni. Lengelenge lililotokea usiku linapasuka njiani, vumbi linaingia. Siku ya tatu mjukuu wake anamuuliza, "Bibi, mbona mkeka una maji maji hapa ulipoweka mguu?" Ndipo anageuza unyayo na kuona kidonda. Siku tatu amekikanyaga, na hakikumuuma hata mara moja.

Kwa nini haikuuma? Sukari ikikaa juu katika damu kwa miaka, inaharibu mishipa ya fahamu, ile inayopeleka habari ya maumivu kwenye ubongo. Mara nyingi inaanza na ile mirefu zaidi, inayofika kwenye vidole vya miguu. Baadhi ya watu hupata kwanza moto au michomo ya sindano usiku. Wengine hawapati dalili yoyote, hisia inaondoka kimya kimya. Pamoja na hayo, mishipa ya damu inaweza kuwa myembamba, na kidonda kinachokosa damu ya kutosha kinachelewa kupona. Hisia iliyokwisha potea kwa kawaida hairudi. Basi kazi iliyokuwa ya maumivu inabidi ifanywe na macho.

Unaweza kujipima leo nyumbani. Vua viatu, lala chali, fumba macho. Mwambie mwanao akuguse kwa ncha ya kidole chake, polepole kama anayegusa yai, kwa sekunde moja au mbili tu. Asibonyeze wala asisugue. Aguse kidole gumba, kidole cha kati na kidole cha mwisho, kwenye miguu yote miwili. Hiyo ni sehemu sita. Kila ukihisi, sema "kulia" au "kushoto". Kama sehemu mbili au zaidi hukuzihisi, huenda hisia ya miguu yako imepungua, na umweleze muuguzi hivyo. Ukihisi zote, usiache kukagua, maana hali hubadilika.

Sasa ukaguzi wenyewe. Ufanye jioni baada ya kazi, jua likiwa bado lipo, au kwa tochi ya simu. Osha miguu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, lakini maji uyapime kwa kiwiko au umwombe mtu mwingine ayapime. Mguu usiohisi si kipimo. Usiiloweke kwa muda mrefu, na yale maji ya moto yenye chumvi tunayopenda kutuliza uchovu, wewe yaache. Kausha kwa kitambaa laini, hasa katikati ya vidole, maana pale pakibaki unyevu ngozi inalainika, inapasuka, fangasi wanaingia. Kisha tazama: juu ya mguu, kila nafasi kati ya vidole, kuzunguka kucha, kisigino, na mwisho unyayo wote. Kama huwezi kuugeuza unyayo, weka kioo chini, na kama macho yamefifia, mjukuu atazame. Hakuna aibu hapo.

Unatafuta nini? Mkwaruzo, lengelenge, ufa wa kisigino, mwiba, kucha inayoingia kwenye nyama, doa jekundu au jeusi. Angalia pia sugu. Sugu ngumu chini ya mguu inaonyesha mahali panapobeba uzito kupita kiasi, na kidonda kinaweza kuanza chini yake bila kuonekana. Usiikate kwa wembe nyumbani. Halafu linganisha miguu yote miwili kwa mgongo wa mkono wako. Mguu mmoja ukiwa wa moto kuliko mwenzake, tena umevimba, hata bila jeraha wala maumivu, acha kuukanyaga na uende kituoni. Huenda mifupa iliyo ndani inavunjika bila wewe kujua.

Ukimaliza, paka vazelini kwenye visigino na nyayo ili ngozi isipasuke, lakini si katikati ya vidole. Na kabla ya kulala, safisha mabaki ya chakula ndani, ufunike miguu vizuri. Madaktari wa Dar es Salaam wameandika habari za wagonjwa wa kisukari walioumwa miguu na panya wakiwa usingizini.

Kuhusu viatu, kandambili hazitoshi. Mwiba unapenya, kamba inachubua kati ya vidole, na asiyehisi anaweza kuivuka njiani asijue. Tafuta kiatu kilichofunika vidole, hata cha kaunjika. Nenda kununua jioni, maana mguu huvimba kidogo mchana. Usitegemee kuhisi kama kinabana. Kabla ya kwenda, simama juu ya karatasi, chora mguu wako, kata mchoro huo uubebe. Uingize ndani ya kiatu: ukijikunja pembeni, kiatu hicho ni chembamba, kiache. Na kila asubuhi tia mkono ndani kabla ya kuvaa. Kokoto moja ndogo, au ncha ya msumari iliyopenya soli, inatosha kukuletea kidonda cha miezi.

Je, ukiona jeraha? Lioshe kwa maji safi na sabuni, lifunike kwa shashi au kitambaa safi kikavu, na uende kituo cha afya cha kambi siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi, hata kama haliumi. Usitie majivu, dawa ya meno, majani, wala unga wa vidonge vilivyobaki. Punguza kutembea, kwa sababu kidonda cha unyayo kinachokanyagwa kila siku hakifungi, hata dawa iwe nzuri namna gani. Lakini ukiona usaha, harufu mbaya, ngozi nyeusi, wekundu unaopanda mguuni, au ukipata homa, usingoje kesho. Hapo huenda wakakupeleka hospitali ya wilaya ya Dowa, au Kamuzu Central kule Lilongwe, zaidi ya kilomita 40 kutoka hapa. Mama wa mfano wetu angekagua jioni ile ile ya mbaula, angeona lengelenge zima lisilopasuka, na safari yake ingeishia kituoni hapa hapa.

Na ukiingia kwa muuguzi siku yako ya sukari, usingoje kuambiwa. Foleni ni ndefu, na mtu akiulizia dawa tu miguu inasahaulika. Vua viatu vyote viwili na soksi ukiwa bado kwenye benchi, uingie navyo mkononi, umwambie, "Naomba unitazame na miguu."

(Muziki unapanda.)